Pale Wanafunzi Wanaporudi Nyuma: Kutambua Sehemu Zinazotatiza katika Mihadhara Iliyorekodiwa

Mhadhiri aliyesimama mbele ya darasa huziona nyuso za wanafunzi wake. Wakikunja vipaji vya nyuso, wakichungulia daftari la jirani au wakiacha kuandika, hujua kwamba maneno yake yamewapita, naye hurudia. Mhadhara uliorekodiwa hauna nyuso hizo. Mwanafunzi hutazama peke yake, usiku, kwenye simu, na kama hakuelewa hakuna anayemwona. Hata hivyo huacha alama: husitisha video, huirudisha nyuma, husikiliza tena. Makala haya yanaeleza jinsi alama hizo zinavyosomwa ili kupata mahali ambapo somo linatatiza, na kwa nini si kila alama ni ishara ya kutoelewa.

Kinachoandikwa na mfumo

Mifumo mingi ya kufundishia kwa mtandao huweka kumbukumbu ya kila kitufe anachobonyeza mtazamaji. Katika mfumo wa edX, kwa mfano, mwanafunzi aliyefika dakika ya 12 na sekunde 5, akasitisha, kisha akarudi nyuma nusu dakika, huacha mistari ambayo kwa ufupi husomeka hivi:

```
pause_video  currentTime=725
seek_video   old_time=725  new_time=695
play_video   currentTime=695
```

Namba hizo ni sekunde tangu video ianze. Mstari wa kwanza unaonyesha aliposimama, wa pili alikotoka na alikorudi, na wa tatu alipoanza kutazama tena. Mstari mmoja wa namna hii hauna maana kubwa, kwa kuwa huenda mtu alipigiwa simu au mtoto alilia. Maana hupatikana wanafunzi wengi wasiofahamiana wanapofanya jambo lilelile mahali palepale.

Ili kupaona mahali hapo, video hugawanywa katika vipande vifupi, tuseme vya sekunde 5 kila kimoja. Kwa kila kipande huhesabiwa ni wanafunzi wangapi walikitazama tena. Kila mwanafunzi huhesabiwa mara moja tu, la sivyo mtu mmoja aliyerudia mara kumi ataonekana kama watu kumi. Kisha hesabu hiyo hugawanywa kwa idadi ya wanafunzi waliofika kwenye kipande hicho. Hatua hii ya mwisho husahaulika mara nyingi, na ikisahaulika hupotosha. Watazamaji hupungua kadiri video inavyoendelea, kwa hiyo watu 12 waliorudi nyuma kati ya 40 waliobaki ni ishara nzito kuliko watu 12 kati ya 60 walioanza. Hesabu ikichorwa kama mstari, sehemu nyingi huwa tambarare, na hapa na pale huinuka vilele. Kazi halisi huanzia kwenye vilele hivyo.

Kilele hakimaanishi kutoelewa

Mwaka 2014 Juho Kim na wenzake walichapisha uchunguzi wa video 862 za kozi nne za edX. Waligundua kwamba asilimia 61 ya vilele viliambatana na badiliko la kilichoonekana kwenye skrini, kama vile slaidi kuondoka au picha kuhama kutoka kwenye maandishi kwenda kwa mwalimu. Katika baadhi ya vilele hivyo mwanafunzi alirudi si kwa sababu jambo lilikuwa gumu, bali kwa sababu liliondolewa kabla hajamaliza kulitazama. Watafiti hao walieleza pia sababu nyingine: kutafuta mwanzo wa mada mpya, kufuata hatua za kazi huku ukiitenda, kurudia kitendo kilichopita upesi, na kurudia maelezo ya mdomo yasiyo na picha.

Tofauti hizi si za wasomi peke yao. Mgonjwa wa pumu anayetazama video ya matumizi ya dawa ya kuvuta atasitisha baada ya kila hatua: atikise kopo, asitishe, atoe pumzi, asitishe. Mkufunzi anayehesabu vituo hivyo kuwa ni kutoelewa atasahihisha video isiyo na kasoro. Kwa hiyo kila kilele huulizwa maswali matatu. Je, mtazamaji alisitisha tu au alirudi nyuma? Je, skrini ilibadilika wakati huo? Je, alirudi mara moja au zaidi?

Mfano: dozi ya kwanza ya magnesiamu salfeti

Tuchukue mfano wa kubuni, wenye hesabu za dawa zilizo halisi. Wanafunzi 60 wa ukunga wanatazama kwa mara ya kwanza video ya dakika 24 kuhusu tiba ya kifafa cha mimba. Katika sehemu nyingi za video, wanaorudi nyuma hawazidi 3. Lakini vilele vitatu vinajitokeza.

Cha kwanza kiko dakika ya 4. Wanafunzi 30 kati ya 55 waliofika hapo wamesitisha kwa karibu dakika nzima, na hakuna aliyerudi nyuma. Kwenye skrini kuna orodha ndefu ya dalili za hatari. Hawa wanaandika. Kilele hiki ndicho kirefu kuliko vyote, nacho hakina tatizo la uelewa. Kuwapa orodha hiyo iliyochapwa kunatosha.

Cha pili kiko dakika ya 8. Wanafunzi 21 kati ya 52 wamerudi nyuma sekunde chache, mara moja tu, punde baada ya jedwali kuondolewa. Jedwali lilikaa kwenye skrini kwa muda mfupi mno. Dawa yake ni kuliacha likae.

Cha tatu kiko dakika ya 12. Wanafunzi 19 kati ya 48 wamerudi nyuma, kiwango kinacholingana na cha kilele cha pili. Lakini hapa skrini haikubadilika kabisa, na wanafunzi 11 kati ya hao 19 wamerudi zaidi ya mara moja. Wengine wameangukia sekunde ya 680, wengine ya 695, wengine ya 705. Anayerudi nyuma hukisia tu mahali pa kutua, na mara nyingi hutua mapema mno. Kwa hiyo mahali panapotatiza hapatafutwi walikotua, bali katika kipande ambacho wote wamekisikiliza tena, karibu na walikotoka. Kipande hicho kina sentensi moja ya mhadhiri: “Dawa yetu ni ya asilimia 50, tunataka gramu 4 katika asilimia 20, kwa hiyo chukueni mililita 8 mwongeze maji mililita 12.”

Sentensi hiyo ni sahihi. Tatizo ni kwamba imeruka hatua tatu. Ya kwanza, asilimia 50 maana yake ni gramu 50 katika mililita 100, yaani kila mililita ina nusu gramu. Ndiyo maana gramu 4 ziko katika mililita 8. Ya pili, asilimia 20 ni gramu 20 katika mililita 100, yaani gramu moja katika kila mililita 5. Ndiyo maana gramu 4 zinahitaji ujazo wa mililita 20. Ya tatu, mililita 8 za dawa zimo tayari ndani ya hizo 20, kwa hiyo maji yanayoongezwa ni 12. Mhadhiri amezifanya hesabu hizi kwa miaka mingi na hazioni tena. Mwanafunzi anazitafuta ndani ya sentensi, hazimo, naye anarudi tena na tena mahali ambapo jibu halipo.

Hatari yake iko kitandani mwa mgonjwa. Asiyeelewa kwa nini maji huongezwa anaweza kusukuma mshipani dawa ambayo haijapunguzwa ukali, au kukosea hesabu na kuzidisha dozi, na magnesiamu ikizidi mwilini hudhoofisha misuli na kukandamiza upumuaji wa mama. (Mfano huu unaeleza hesabu ya uchanganyaji wa dozi ya mshipani tu, tiba yenyewe hufuata mwongozo wa taifa wa huduma ya uzazi.)

Kuthibitisha kabla ya kurekebisha

Kilele cha tatu kimetuonyesha mahali, na tumekisia sababu. Kisio hilo lazima lipimwe. Njia rahisi ni swali moja lenye namba tofauti: “Mama amerudiwa na degedege, nawe unahitaji gramu 2 katika asilimia 20. Utachukua mililita ngapi za dawa na maji kiasi gani?” Aliyeelewa atajibu mililita 4 za dawa na 6 za maji. Atakayejibu 4 na 12 amekariri namba ya maji bila kujua ilikotoka, na jibu lake linathibitisha kwamba hatua ya tatu ndiyo iliyopotea. Atakayejibu 8 na 12 hajaifuata hata hatua ya kwanza. Hivyo makosa yenyewe humwonyesha mhadhiri aanzie wapi kusahihisha.

Pale kumbukumbu zinaponyamaza

Njia hii ina mipaka. Video iliyopakuliwa na kutazamwa nje ya mtandao, ili kuokoa kifurushi cha data, huenda isiache alama yoyote. Wanafunzi watatu wanaotazama kwenye simu moja huhesabiwa kuwa mmoja. Mtandao ukikatika katikati, kuna mifumo inayoandika kana kwamba mtu amesitisha, na alama hizo hutambulika kwa kutawanyika ovyo bila kufuata mada. Utazamaji wa wiki ya mitihani hauna budi kutengwa na ule wa mara ya kwanza, kwani mwenye kujiandaa kwa mtihani huruka hadi anachokihitaji, hata kama alikielewa zamani.

Mpaka mkubwa zaidi ni ukimya. Mwanafunzi aliyechanganyikiwa sana harudi nyuma, hufunga video. Kwa sababu hiyo mstari wa wanaoacha kutazama husomwa sambamba na ule wa wanaorudia. Vilevile kumbukumbu hizi zisomwe kwa darasa zima, bila majina. Mwanafunzi akijua kwamba kurudia kwake kunaweza kuhesabiwa kuwa udhaifu, ataacha kurudia, na mhadhiri atabaki na mstari tambarare usiomfundisha kitu.

Mhadhiri wa mfano wetu akirekodi upya dakika ile ya 12, akaziandika hatua tatu kwenye slaidi na kuiacha ikae, atasubiri darasa lijalo na kutazama mambo mawili pamoja. Kilele kikishuka na majibu ya swali la gramu 2 yakawa sahihi, amefaulu. Kilele kikishuka huku majibu yakibaki 4 na 12, basi maelezo mapya yamewaridhisha wanafunzi bila kuwafundisha. Hali hiyo ni mbaya kuliko ya awali, maana wale waliokuwa wakirudi nyuma walijua kwamba hawajaelewa.