Kutoka uwanja wa ndege wa Dubai hadi Deira: teksi, gari la simu, basi au treni

Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Dubai umezungukwa na mji pande zote, na Deira, mtaa wa kibiashara ambako wachuuzi wengi wa Kariakoo, Gikomba na Zanzibar hufikia, hauko mbali nao. Barabara ikiwa nyeupe, gari hufika kwa muda wa dakika kumi na tano hivi. Kwa umbali mfupi namna hiyo, nauli si jambo la kwanza la kuulizwa. Yanayoamua njia ya kushika ni mambo matatu: ndege imeshusha abiria katika jengo gani, saa ngapi abiria atatoka nje na mizigo yake, na mizigo yenyewe ni mingi kiasi gani. Anayeanza na bei, kama ilivyo desturi ya wengi, huishia mara nyingi kuvuta masanduku mbele ya stesheni iliyofungwa.

Uwanja una majengo matatu ya abiria. Emirates hutumia Jengo la 3, mashirika mengi mengine ya kigeni hutumia Jengo la 1, na flydubai hutumia zaidi Jengo la 2, ingawa baadhi ya safari zake huenda Jengo la 3. Jengo la 1 na la 3 yako upande mmoja wa njia za kurukia na kila moja lina stesheni yake ya treni. Jengo la 2 liko upande wa pili, na treni haifiki hapo. Stesheni iliyo karibu ni Airport Free Zone ya njia ya kijani, lakini kuiendea kwa miguu na masanduku katika joto la Juni au Agosti ni adhabu. Kwa hiyo abiria wa Jengo la 2 ajihesabu kuwa hana treni, achague kati ya gari na basi. Namba ya jengo huandikwa kwenye tiketi, na inafaa kutazamwa kabla ya kuondoka nyumbani. Air Arabia, ambayo husafirisha abiria wengi wa Afrika Mashariki, hutua Sharjah, mji wa jirani usio na treni hiyo kabisa. Huko hesabu zote zinazofuata hapa hazitumiki.

Treni ya Metro ya Dubai ilianza kazi tarehe 9 Septemba 2009 kwa njia nyekundu, na njia ya kijani ikafuata tarehe hiyohiyo mwaka 2011. Haina dereva, ina kiyoyozi, na haijui foleni. Anayekwenda Deira kutoka Jengo la 3 hupanda njia nyekundu na kushuka stesheni ya Union, ambako hubadili na kuingia njia ya kijani inayoelekea Creek. Stesheni ya kwanza baada ya hapo ni Baniyas Square, katikati ya maduka na hoteli za bei nafuu. Nauli hulipwa kwa kadi ya Nol inayouzwa stesheni. Kadi ya kawaida, iitwayo Silver, huuzwa dirhamu 25 na ndani yake huwa na dirhamu 19 za kusafiria. Safari yote hiyo iko ndani ya kanda moja ya nauli, kwa hiyo hugharimu dirhamu 3 tu. Teksi wala gari la simu haikaribii bei hiyo.

Urahisi huo una masharti, na la kwanza ni saa. Treni huanza saa kumi na moja alfajiri na kusimama saa sita usiku. Ijumaa huongezwa saa moja, hadi saa saba usiku. Jumapili ndiyo huwanasa wageni, kwa sababu siku hiyo treni huanza saa mbili asubuhi. Abiria aliyetua alfajiri ya Jumapili akitarajia treni atakaa kwenye kiti cha uwanja saa kadhaa, au atapanda teksi ambayo angeipanda tangu mwanzo. Ikumbukwe pia kwamba saa ya Dubai iko mbele ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa moja. Simu ambayo haijajirekebisha inaweza kuonyesha saa tano usiku wakati huko ni saa sita na treni zimelala.

Sharti la pili ni mizigo. Kila abiria anaruhusiwa sanduku moja kubwa lisilozidi sentimita 81 kwa 58 kwa 30, na jingine dogo lisilozidi 55 kwa 38 kwa 20. Hayo yanamtosha mtu anayekwenda kutalii. Mfanyabiashara anayeingia na mabegi matupu yaliyokunjwa ndani ya moja naye atapita bila shida. Lakini mwenye masanduku mawili makubwa, au boksi lililofungwa kwa kamba, anaweza kurudishwa langoni na wahudumu, na hata akipita, saa za watu kwenda na kurudi kazini mabehewa hujaa hadi milangoni. Ndani kuna behewa la wanawake na watoto, na jingine la daraja la juu linalolipiwa nauli maradufu. Mwanamume anayeingia la wanawake kwa kutojua, au abiria wa nauli ya kawaida anayekaa daraja la juu, hutozwa faini ya dirhamu 100. Kula na kunywa ndani ya treni kuna faini kama hiyo. Alama zimebandikwa sakafuni na juu ya milango, na askari wa ukaguzi hawana mzaha na mgeni.

Teksi za Dubai hutambulika kwa rangi ya mchanga na paa la rangi nyingine. Kila kampuni ina rangi yake, na paa la waridi ni la teksi zinazoendeshwa na wanawake kwa ajili ya wanawake na familia. Hupangwa foleni nje ya kila jengo, mchana na usiku, na mpanga foleni humwelekeza abiria kwenye gari lililo mbele. Hapa desturi ya Dar es Salaam au Mombasa ya kupatana bei dirishani haina kazi. Teksi zote zina mita, na dereva wa teksi halali hatamki bei kabla ya kuondoka. Mita za teksi zinazopakia uwanjani huanza na dirhamu 25, ilhali teksi hiyohiyo ikisimamishwa barabarani mchana huanza na dirhamu 5. Mgeni anayeona 25 kabla gari halijasogea hudhani ameibiwa na kuanza kugombana, kumbe ndicho kiwango kilichowekwa na serikali. Juu yake huongezwa dirhamu mbili na ushee kwa kilomita, kiasi kinachopanda na kushuka kufuatana na bei ya mafuta, kwa hiyo safari ya Deira huishia kati ya dirhamu 35 na 45 hivi. Gari likipita chini ya lango la Salik, yaani tozo ya barabara inayokatwa kwa mitambo, kiasi hicho hulipwa na abiria. Hilo huwapata zaidi wanaovuka daraja kwenda Bur Dubai na mbele yake.

Hatari ya kweli haiko kwenye foleni ya teksi bali ukumbini, ambako mtu huja na kunong'ona kwamba ana gari la bei nzuri. Gari hilo halina mita wala alama ya paa, na bei hubadilika likishafika. Kubeba abiria kwa malipo bila leseni ni kosa huko, na abiria akidhulumiwa hana namba ya gari wala risiti ya kumpelekea mtu yeyote. Jibu linalofaa ni kutojibu, na kwenda moja kwa moja nje kwenye foleni.

Kwenye gari la kuitwa kwa simu ndipo wasafiri wengi wa Afrika Mashariki hupotoka. Nairobi na Dar es Salaam, magari hayo yaliingia sokoni kwa kuwa rahisi kuliko teksi, na watu wakazoea hivyo. Dubai mambo ni kinyume. Mamlaka ya barabara na usafiri ya huko, RTA, iliyaweka magari binafsi ya Uber na Careem katika daraja la magari ya kifahari, yenye nauli ya juu kuliko teksi. Gari huja safi na dereva hufungua mlango, lakini kwa safari ya Deira hilo ni gharama isiyo na sababu. Careem ina pia sehemu iitwayo Hala, iliyoanza mwaka 2019, ambayo huita teksi ya kawaida yenye mita. Hiyo ni msaada mkubwa kwa anayetoka hotelini, lakini uwanjani, ambako teksi zimejipanga mlangoni, haina la kuongeza. Simu nayo ina vikwazo vyake. Intaneti ya bure ipo ndani ya jengo lakini huishia nje, na kupiga simu kwa WhatsApp kumezuiwa katika Falme za Kiarabu, ingawa ujumbe wa maandishi na sauti hupita. Anayetegemea kumpigia mwenyeji wake kwa njia hiyo amwandikie badala yake.

Mabasi ni ya aina mbili. Baadhi ya hoteli hutuma basi dogo kuchukua wageni, lakini haliji lenyewe. Huombwa wakati wa kuweka nafasi, kwa kutaja namba ya ndege, na ni vizuri kupata jibu la maandishi linalosema kama ni bure na dereva atasimama wapi. Mabasi ya umma ya RTA nayo hupita majengo ya abiria, lakini hayapokei pesa taslimu, hulipiwa kwa kadi ya Nol tu.

Mfano wa wafanyabiashara wawili waliosafiri pamoja unatosha kuonyesha hesabu inavyokwenda. Wametua Jengo la 3 Jumamosi saa nne na nusu usiku, kila mmoja na sanduku moja kubwa. Ukaguzi wa pasipoti na kusubiri mizigo vikichukua saa moja, watatoka saa tano na nusu. Kwa treni wangelipa dirhamu 3 kila mmoja, lakini bado kuna kununua kadi, na treni ya mwisho ya kijani inaweza kuondoka kabla hawajafika Union. Teksi ya dirhamu 40 wakiigawana ni 20 kwa mtu, na inawafikisha mlango wa hoteli. Hao wapande teksi. Wangetua saa nne asubuhi siku ya Jumanne, treni ingekuwa chaguo bora bila ubishi.

Safari ya kurudi hubadilisha kila kitu. Mizigo imekuwa mingi, treni haiwafai tena, lakini teksi inayosimamishwa Deira haianzi na dirhamu 25, kwa hiyo njia ileile hugharimu karibu nusu ya ilivyokuwa wakati wa kuja.