Tangazo la Miche ya Parachichi

Tangazo la miche ya parachichi aina ya Hass huanza na kipimo, na kipimo hicho huchukuliwa kutoka usawa wa udongo hadi nchani, si kutoka chini ya kiriba. Mche wa sentimita 40 uliomo kwenye kiriba cha sentimita 25 ukipimwa wote huwa wa 65, na mnunuzi akiupokea hujiona ametapeliwa. Kwa mche uliobebeshwa, urefu peke yake hautoshi: isemwe kikonyo kimetoa majani mangapi na kama kiungo kimeshikana. Picha ya karibu ya kiungo hicho, rula ikiwa pembeni, humaliza ubishi.

Mahitaji yaandikwe kwa ukweli, hata kama yatafukuza wateja. Hass hustawi zaidi nyanda za juu zenye ubaridi, kama Njombe. Joto la pwani haliifai. Udongo unaotuamisha maji huozesha mizizi, na dalili yake ni majani kunyauka ilhali udongo umelowa.

Kuhusu safari, tangazo lieleze mche utafungwaje: umwagiliwe siku moja kabla, mdomo wa kiriba ufungwe udongo usimwagike, boksi litobolewe matundu na lisimame wima. Siku mbili ndani ya buti ya basi huvumilika. Majani machache ya chini yakipukutika, mche haujafa. Ukifika, ukae kivulini wiki moja kabla ya kupandwa. Ahadi ya kurudisha fedha nayo iwe na mpaka: picha itumwe siku ileile boksi linapofunguliwa.