Asilimia Mbili kwa Siku Ishirini

"Benki wanataka riba ya asilimia 18, punguzo ni asilimia 2 tu. Si afadhali niwape wateja punguzo walipe mapema?" Kila mahindi yanapoanza kushuka Sumbawanga, wenye mashine za kusaga huniuliza hivyo, na kila mara nakuta ankara zimeshachapwa kabla ya swali. Jamani, 18 ni ya mwaka mzima. Hiyo 2 ni ya siku ngapi?

Tuchukue ankara ya shilingi milioni 4 ya unga uliopelekwa kwa mwenye duka la jumla Tunduma. Muda wa kulipa ni siku 30. Akilipa ndani ya siku 10 anapunguziwa asilimia 2, yaani shilingi 80,000. Wewe unapokea 3,920,000 siku 20 kabla ya wakati wake. Kwa hiyo 80,000 ndiyo gharama ya kukaa na 3,920,000 kwa siku 20. Kiasi hicho hicho ukikikopa benki kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, siku 20 zitakugharimu kama 38,700. Punguzo lako dogo limekula zaidi ya mara mbili ya riba ya benki. Ukilipigia hesabu ya mwaka, linakaribia asilimia 37. Na kama faida yako kwenye unga huo ni asilimia 5, umetoa mbili kati ya hizo tano.

Hapo wengi hunijibu kwamba basi punguzo ni hasara. Nalo si kweli, kwa sababu hesabu hiyo imemwamini mteja. Fungua daftari la madeni uone analipa lini hasa, si ankara inasema nini. Kama huyu wa Tunduma kwa kawaida hulipa siku ya 60, punguzo linakuletea fedha siku 50 mapema, na riba ya benki kwa siku hizo ingefika kama 96,700. Sasa 80,000 ni nafuu. Lakini yule anayelipa siku ya nane miaka yote, ukimtangazia punguzo umempa 80,000 bure. Atalichukua na hatabadili chochote. Punguzo hupewa mteja mmoja mmoja kwa kumjua. Ukilichapa kwenye kila ankara, wa kwanza kulifaidi ni wale ambao hawakuwa na tatizo. Shule au hospitali ya serikali inayosubiri fungu kutoka Hazina haitawahi kwa ajili ya asilimia 2 yako.

Majira nayo yana uzito. Mwezi wa saba fedha mkononi inanunua mahindi ya Laela na Matai kabla bei haijapanda, na gunia unalolikosa leo utalitafuta Januari kwa bei nyingine. Wakati huo punguzo lina maana hata likizidi riba kidogo. Ghala likishajaa, liondoe.

Maneno sasa, maana ugomvi mwingi huanzia hapa. "2% siku 10" imewahi kusomwa kama asilimia mbili kwa kila siku, na mwingine akaidhani faini. "Ndani ya siku 10" kila mtu huihesabu anavyotaka: tangu tarehe ya ankara, tangu lori liliposhusha, au bila Jumapili na Saba Saba. Acha asilimia, andika shilingi na tarehe:

"Ankara ya tarehe 1 Julai 2025. Lipa Sh 3,920,000 iingie kwenye akaunti yetu kabla ya saa 10 jioni, Ijumaa tarehe 11 Julai 2025. Baada ya hapo deni ni Sh 4,000,000 kamili, la kulipwa kabla ya mwisho wa tarehe 31 Julai 2025. Punguzo halitolewi kwa malipo ya nusu wala kwa mwenye deni la nyuma."

"Iingie" maana yake iingie. Hundi iliyoandikwa tarehe 10 na kufika tarehe 15 imechelewa. Kama ankara ina VAT au nauli, kiasi cha kulipa kiwe kimeshajumlisha vyote, na kuhusu risiti ya EFD pamoja na hati ya kupunguza deni, zungumza na mhasibu wako kabla ya kutoa punguzo.

Akikutumia 3,920,000 tarehe 25, pokea, andika 80,000 kama salio, mtumie taarifa ya deni siku hiyo hiyo. Ukinyamaza mara moja tu, ankara ijayo naye atakata tena tarehe 25, na safari hii atakuonyesha ile ya kwanza.