Kitabu cha Mimba ya Kwanza: Soma Mwisho Kabla ya Mwanzo

Mwenye mimba ya kwanza akipata kitabu cha ujauzito, kwa kawaida huanza ukurasa wa kwanza na kusonga mbele mwezi kwa mwezi. Vitabu vingi vimepangwa hivyo, kikiwemo What to Expect When You're Expecting cha Mmarekani Heidi Murkoff, kilichotoka mwaka 1984. Kwa mama mwenye wasiwasi, mpangilio huo una tatizo. Kila mwezi unamletea mambo mapya ya kuhofia, na sura za mtoto mchanga zimewekwa mwisho kabisa. Anazifikia akiwa ameshajifungua, mtoto analia, usingizi haupo, na hana nafasi ya kusoma hata aya moja.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: sura za majuma ya kwanza ya mtoto zisomwe mapema, mimba ikiwa na miezi sita au saba. Miezi mingine mama aisome inapofika, asiitangulie.

Tuchukue usiku wa tatu baada ya kujifungua. Mtoto alizaliwa na kilo 3.2, sasa mizani inaonyesha kilo 3. Analia kila baada ya muda mfupi na anataka kunyonya tena. Matiti bado ni laini. Bibi anasema maziwa hayamtoshi, apewe maji ya glukosi au uji mwepesi. Mama ambaye hajasoma kitu hutetereka hapo.

Kitabu kizuri kinamweleza mambo kwa utulivu. Mtoto mchanga hupungua uzito siku za mwanzo. Huyu amepungua gramu 200, yaani kama asilimia 6, na wengi hurudia uzito wao wa kuzaliwa wakifikisha wiki mbili. Akipungua zaidi ya asilimia 10, ambayo kwake ni gramu 320, mhudumu wa afya amwangalie haraka. Maziwa ya kwanza, yaani dang'a, huwa machache lakini ndiyo yanayomfaa, na maziwa mengi hujaa kati ya siku ya pili na ya tano. Kunyonya mara nane hadi kumi na mbili kwa siku ni kawaida, na ndiko kunakoyaleta maziwa.

Kisha kitabu kimpe kitu cha kuhesabu: nepi. Siku ya kwanza alowanishe angalau moja, ya pili mbili, ya tatu tatu, na kuanzia siku ya tano au ya sita ziwe sita au zaidi. Choo nacho hutoka cheusi kikawa cha kijani, kisha cha njano. Nepi zikiwa kavu, au choo kikibaki cheusi hadi siku ya tano, huenda mtoto hapati maziwa ya kutosha na anahitaji kuonwa. Mama mwenye hofu hutulia zaidi akipewa kipimo kuliko akiambiwa tu asiogope.

Kabla ya kukiamini kitabu, tazama mwaka wa toleo. Daktari Benjamin Spock wa Marekani alitoa kitabu chake cha malezi mwaka 1946, na mamilioni ya wazazi wakakifuata. Matoleo ya miaka ya 1950 yalianza kushauri mtoto alazwe kifudifudi, kwa hofu kwamba akilala chali atapaliwa na matapishi. Baadaye utafiti ulionyesha kuwa kulala kifudifudi ndiko kunakoongeza vifo vya ghafla usingizini. Kampeni za kumlaza mtoto chali zilianza Uingereza mwaka 1991 na Marekani mwaka 1994, na vifo hivyo vikapungua sana. Ukirithi kitabu kutoka kwa dada au shangazi, fungua kwanza ukurasa wa usingizi. Kikisema kifudifudi, kiweke kando.

Ukurasa wa mwisho wa kuutafuta ni wa dalili za hatari. Unakili, ubandike ukutani, na baba wa mtoto ausome. Kwa mjamzito: kutokwa damu, kichwa kuuma sana, kuona maluweluwe, uso na mikono kuvimba, degedege, homa, chupa kupasuka kabla ya wakati, au mtoto kupunguza kucheza. Kwa mama aliyejifungua: damu nyingi, homa, au maji yenye harufu mbaya ukeni. Kwa mtoto mchanga: kukataa kunyonya, degedege, kupumua mara 60 au zaidi kwa dakika, kuwa na joto la 37.5 au zaidi, mwili kuwa wa baridi, au kuwa wa njano ndani ya saa 24 za kwanza.

Ukiona mojawapo ya hizo, usitafute maelezo zaidi kitabuni. Kitabu hakiwezi kupima presha wala kumsikiliza mtoto kifuani. Nenda kituo cha afya saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.