Rafu Zimejaa, Droo Tupu

Mwaka 2017 wateja wa Nakumatt walianza kuona jambo geni. Matawi yalikuwa wazi, taa zinawaka, lakini rafu zilibaki na mapengo ambayo hayakujazwa wiki baada ya wiki. Wasambazaji walikuwa wamechoka kungoja malipo na kusitisha kupeleka mzigo. Mwisho wa mwaka huo matawi ya Uganda yalikuwa yamefungwa, wenye majengo walikuwa wanadai pango, na Januari 2018 kampuni ikawekwa chini ya msimamizi kwa amri ya mahakama. Miaka miwili baadaye wadai walipiga kura ivunjwe.

Haikuwa mara ya kwanza kwa Wakenya. Uchumi, supamaketi iliyoanzishwa mwaka 1975, ilifunga milango Juni 2006, ikafufuliwa, ikarudi kwenye soko la hisa mwaka 2011, kisha Oktoba 2015 ikafunga biashara zake za Uganda na Tanzania. Kila mara waliolia kwa sauti zaidi walikuwa wale waliopeleka bidhaa kwa mkopo: wenye viwanda vya mikate, wauza maziwa, wakulima wa mboga. Mali ya muuzaji rejareja anayeanguka hugawiwa kwanza kwa benki zenye dhamana. Aliyepeleka mikate husimama nyuma ya foleni.

Pengo la rafuni ni dalili ya mwisho. Kabla yake kuna miaka miwili au mitatu ambayo rafu zimejaa pomoni, matawi mapya yanazinduliwa kwa maputo na ngoma, na ugonjwa unaonekana mahali pamoja tu: kwenye vitabu vya hesabu. Anayejua kusoma vipimo vinne anaweza kuuona mapema.

Tuchukue supamaketi ya kubuni, yenye matawi manne, na hesabu zake tuzitaje kwa mamilioni ya shilingi. Katika mwaka wa kwanza ina fedha taslimu na za benki 60, inawadai wateja wake wa mkopo 30, na ina stoki ya 210. Hizo ndizo mali zake za muda mfupi, yaani zile zinazotarajiwa kugeuka fedha ndani ya mwaka: jumla 300. Upande wa pili, madeni yanayopaswa kulipwa ndani ya mwaka huohuo ni 200, na robo tatu yake, yaani 150, ni ya wasambazaji.

Gawanya 300 kwa 200, unapata 1.5. Huo ndio uwiano wa ukwasi: kwa kila shilingi inayodaiwa karibuni, kuna shilingi moja na nusu ya kuikabili. Toa stoki, ubaki na 90, ugawanye tena kwa 200, unapata 0.45. Huo ni ukwasi wa haraka, unaouliza swali gumu zaidi: tukisema leo hakuna kinachouzika, deni litalipwaje?

Hapa wasomaji wengi wa hesabu hujikwaa. Vitabu vya shule hufundisha kwamba uwiano wa kwanza uwe 2 na wa pili uwe 1. Kipimo hicho ukikipeleka dukani utawaogopa hata walio wazima. Supamaketi huuza kwa fedha taslimu leo, na humlipa msambazaji baada ya mwezi au miezi miwili. Unga ulioletwa tarehe mosi umeshaliwa, umeshalipiwa kwenye kaunta, na msambazaji bado hajafikiwa na zamu yake. Ndiyo maana Walmart, kampuni kubwa ya rejareja ya Marekani, imekaa miaka mingi na uwiano wa ukwasi ulio chini ya 1 bila kuyumba. Bidhaa zake zinazunguka haraka, na fedha inaingia kabla deni halijaiva.

Kwa hiyo 0.45 peke yake haitoi hukumu. Cha kutazama ni inaelekea wapi, na stoki inatembea kwa kasi gani.

Mwaka wa pili supamaketi yetu inafungua matawi mawili. Stoki inapanda hadi 330, lakini fedha inashuka hadi 20, na wateja wa mkopo wanadaiwa 40. Madeni ya muda mfupi yamefika 300. Uwiano wa ukwasi sasa ni 1.3, na mkurugenzi anaweza kuwaambia wanahisa kwamba mambo ni shwari. Ukwasi wa haraka, hata hivyo, umeporomoka kutoka 0.45 hadi 0.20. Uwiano mmoja umeteleza kidogo, mwingine umepungua kwa zaidi ya nusu, na tofauti kati yao ni stoki tu. Vipimo hivi viwili vikiachana namna hiyo, msomaji aache ofisi aende akatazame rafu.

Akifika, atafute mambo madogo. Kopo la mbele limefutwa vumbi, la nyuma halijaguswa. Aina moja ya sabuni imetandazwa rafu tatu ili kuziba nafasi ya sabuni mbili ambazo hazijaletwa. Sukari na mafuta ya kupikia, vitu vinavyotoka kila siku, vimeadimika, ilhali vyombo vya plastiki na mapambo ya sikukuu iliyopita vimerundikana. Stoki ya namna hiyo bado imeandikwa kwenye mizania kwa bei iliyonunuliwa, kana kwamba kesho itauzwa.

Kuna hesabu nyepesi ya kuthibitisha hilo. Mwaka wa kwanza gharama ya bidhaa zilizouzwa ilikuwa 1,260; stoki ya 210 ni sawa na siku 61 za mauzo. Mwaka wa tatu gharama hiyo ni 1,360 na stoki 340, yaani siku 91. Bidhaa zinakaa dukani mwezi mzima zaidi kuliko zamani. Na msambazaji je? Alikuwa akilipwa baada ya siku 43. Mwaka wa tatu anadai 290, na analipwa baada ya siku 78. Duka halijikopeshi tena kwa utaratibu wa biashara. Linaishi kwa uvumilivu wa wauza maziwa.

Mwaka huo wa tatu fedha imebaki 10, wadaiwa 50, stoki 340: jumla 400. Madeni ya muda mfupi nayo ni 400, ikiwemo 70 ambayo benki imeruhusu ichukuliwe zaidi ya salio. Uwiano wa ukwasi ni 1 kamili. Ukwasi wa haraka ni 0.15.

Sasa tugeukie vipimo viwili vya deni. Uwiano wa madeni huchukua madeni yote, ya karibu na ya mbali, na kuyagawa kwa mali zote. Katika supamaketi yetu ulikuwa 0.50 mwaka wa kwanza, ukawa 0.60, kisha 0.65. Ni kipimo kinachotembea polepole, kwa sababu majengo, majokofu na rafu za matawi mapya huongeza mali kadiri mikopo inavyoongeza deni. Tena kinaweza kupambwa: jengo likithaminiwa upya kwa bei ya juu, uwiano unashuka bila hata senti moja ya deni kulipwa. Jengo halilipi ankara ya mikate Ijumaa.

Uwezo wa kulipa riba ndio unaosema bila kuficha. Chukua faida ya uendeshaji kabla ya riba na kodi, igawe kwa riba ya mwaka. Mwaka wa kwanza faida ilikuwa 64 na riba 16, mara nne. Mwaka wa pili 60 kwa 30, mara mbili. Mwaka wa tatu faida ni 30 na riba 35. Duka limefanya kazi mwaka mzima, wahudumu wamesimama kaunta hadi usiku, na kilichopatikana hakitoshi hata kuilipa benki riba, achilia mbali deni lenyewe. Uwiano wa madeni ulipanda kwa hatua ndogo kutoka nusu hadi karibu theluthi mbili. Uwezo wa kulipa riba umeanguka kutoka mara nne hadi chini ya mara moja. Matawi mapya yalileta riba mara moja, lakini wateja wake wanakuja taratibu.

Kinachofuata ndicho huvunja maduka, na wengi hawakijui kwa kuwa kimeandikwa katika kurasa za ndani za mkataba wa mkopo. Benki huweka masharti: kwa mfano, faida ya uendeshaji isipungue mara moja na nusu ya riba. Sharti likivunjwa, benki ina haki ya kudai mkopo wote papo hapo. Supamaketi yetu ina mkopo wa muda mrefu wa 185. Ikiwa hadi siku ya kufunga hesabu benki haijakubali kuusubiri, kanuni za kimataifa za uhasibu zinataka mkopo huo uhamishwe kwenye safu ya madeni ya muda mfupi. Madeni hayo yanaruka kutoka 400 hadi 585, na uwiano wa ukwasi unatoka 1 hadi 0.68 bila bidhaa hata moja kuharibika. Uwiano wa madeni, wakati huo wote, unabaki 0.65 palepale. Deni ni lilelile. Kilichobadilika ni siku ya kulilipa.

Ndiyo sababu vipimo hivi visomwe pamoja, na kwa mpangilio. Anayeanza na uwiano wa madeni ataona kampuni yenye mali nyingi na deni la wastani. Anayeanza na riba, akateremka kwenye ukwasi wa haraka, kisha akauliza stoki ina umri gani, ataona duka ambalo msambazaji mmoja mkubwa akikataa kuleta mzigo, rafu zinatoboka, wateja wanahama, na fedha ya kuwalipa wengine inakauka.

Mkaguzi makini huongeza swali moja: hesabu zilifungwa siku gani? Duka lenye uwiano wa 1.5, kama letu la mwaka wa kwanza, likilipa deni la 50 jioni ya siku ya mwisho, linabaki na mali 250 na madeni 150, na uwiano unapanda hadi 1.67. Asubuhi yake linaagiza tena kwa mkopo. Wadaiwa nao watazamwe kwa majina. Fedha anayodaiwa mkurugenzi au kampuni ya ndugu yake huhesabiwa kama ukwasi wa haraka, ilhali mara nyingi hairudi.

Uchumi, kwa kuwa ilikuwa kwenye soko la hisa, ilitakiwa kutangaza hesabu zake. Nakumatt ilikuwa kampuni ya familia, na msambazaji wa kawaida hakuwa na mizania ya kusoma. Kwa huyo, siku 43 zilizogeuka 78 zimo kwenye daftari lake mwenyewe: tarehe ya kupeleka mzigo, tarehe ya kulipwa. Azihesabu kila mwezi. Zikianza kurefuka, aombe hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu kabla ya kuongeza mkopo, na akinyimwa, mzigo unaofuata aushushe kwa fedha taslimu.