Mkazo Unaobaki Ndani ya Chuma Kilichokunjwa

Kwenye karakana za kuchomelea za Mbinga, kama ilivyo kwingineko nchini, tao la geti huchorwa kwa chaki sakafuni, kisha fundi hukunja chuma bapa mpaka kilingane na mchoro. Akikiachia, kinafunguka. Hakirudi kunyooka kama kilivyotoka dukani, ila hakibaki pale alipokifikisha. Ndiyo maana mafundi hukikunja kupita kiasi kwa makusudi, wakijua kitarudi nyuma. Wengi wanaishia hapo, na tao linakaa sawa. Lakini jambo kubwa zaidi limetokea ndani ya chuma. Kikiwa kimelala chini, hakuna anayekigusa, baadhi ya tabaka zake zinavutwa na nyingine zinagandamizwa, na hali hiyo inaweza kudumu maisha yote ya geti.

Tuchukue bapa lenye upana wa milimita 40 na unene wa milimita 10, la chuma laini ambacho huanza kulegea mkazo ukifika megapaskali 250, yaani nyutoni 250 kwa kila milimita ya mraba. Tunalikunja kwa ubapa. Uso wa nje wa mpindo unanyooshwa, uso wa ndani unafinywa, na katikati kabisa ya unene hakuna kinachorefuka wala kufupika. Kadiri unavyotoka katikati kwenda usoni, ndivyo mnyooko unavyoongezeka.

Mwanzoni mkazo unakua sambamba na mnyooko, na ukiachia bapa linarudi lilivyokuwa. Hali hiyo inakoma nyuso mbili zinapofika megapaskali 250. Kwa bapa letu ni pale nguvu ya kukunja inapofika nyutoni mita 167. Ukizidisha hapo, nyuso haziwezi kubeba mkazo zaidi. Zinaendelea kunyooka tu huku mkazo ukibaki 250, na mzigo wa ziada unahamia kwenye tabaka zilizo chini yake. Ulegevu unaingia ndani polepole kutoka pande zote mbili. Tuseme fundi amesimama pale ambapo milimita 2.5 za kila upande zimeshalegea, na kiini cha milimita 5 katikati bado ni kizima. Hapo bapa limefuata duara lenye nusu kipenyo cha mita 2, na nguvu ya kukunja ni nyutoni mita 229, sawa na uzito wa kilo 23 hivi ukining'inia mwishoni mwa mkono wa mita moja.

Sasa anaachia. Hapa ndipo wanafunzi wengi wa ufundi wanapoteleza, kwa sababu wanadhani tabaka zilizolegea zitaendelea kuwa legevu. La hasha. Mkazo ukianza tu kupungua, chuma chote, hata kile kilicholegea, kinarudia ukakamavu wake wa awali. Kuachia nyutoni mita 229 ni sawa na kulikunja bapa zima kinyume kwa nguvu hiyo hiyo, na safari hii linajibu kama chuma ambacho hakijawahi kulegea. Mkazo unaoondoka unapanda kwa mstari ulionyooka kutoka sifuri katikati hadi 344 usoni.

Basi tunatoa. Uso wa nje ulikuwa na 250 za mvuto. Ukiondoa 344, zinabaki 94 za mgandamizo. Uso uliokuwa ukivutwa sasa umefinywa! Milimita 2.5 kutoka katikati, pale kiini kinapoishia, tulikuwa pia na 250, lakini zinaondoka 172 tu, hivyo zinabaki 78 za mvuto. Upande wa pili wa bapa ni vivyo hivyo, ila ishara zimegeuka. Jumla ya misukumo na mivuto yote ni sifuri, na jumla ya nguvu zake za kukunja nayo ni sifuri, ndiyo maana bapa linatulia sakafuni. Hesabu yako isipokupa sifuri hizo mbili, rudia, umekosea mahali.

Na tao je? Lile la mita 2 limefunguka mpaka nusu kipenyo cha mita 6.4. Ukitaka mita 2 zibaki baada ya kuachia, itabidi ulikunje mpaka mita 1.16 hivi.

Mkazo huu hauonekani kwa macho, lakini upo ushahidi unaoshikika. Kiini cha milimita 5 hakikuwahi kulegea, hivyo bado kinataka kuwa kimenyooka. Kinachokizuia ni tabaka za nje zilizobadilika umbo. Ukizisaga taratibu kwa msasa na maji mengi, bila kulipasha chuma moto, ukaondoa milimita 2.5 kila upande, kitakachobaki mkononi ni kipande chembamba kilichonyooka. Hesabu inakubali: mkazo wa 78 uliobaki kwenye kingo za kiini ni ule ule hasa unaohitajika kukipinda kwa nusu kipenyo cha mita 6.4. Kwa sababu hiyo chuma kilichokunjwa baridi kikipelekwa kuchongwa upande mmoja kinaweza kupinda mezani, na fundi akadhani mashine ndiyo mbovu.

Kwenye geti madhara ni machache. Kwenye springi za malori ni habari nyingine. Wilaya ya Mbinga ina mgodi wa makaa ya mawe wa Ngaka, na malori yanayotoka huko yanalala juu ya springi ambazo kila bapa lake, likikatwa, lina umbo la mstatili kama mfano wetu. Chuma chake ni kigumu mara kadhaa kuliko hiki, lakini kanuni ni ile ile.

Rudi kwenye bapa letu la geti. Ukilikunja tena upande ule ule wa kwanza, halitalegea mpaka ufike 229, wakati lilipokuwa jipya lililegea kwa 167. Ukiligeuza ukalikunja kinyume, litalegea kwa 104 tu. Uso wa nje umeshabeba mgandamizo wa 94, na ukikunja kinyume unauongezea. Kwenye chuma halisi namba hiyo hushuka zaidi, jambo ambalo Johann Bauschinger wa Munich alilionyesha katika miaka ya 1880.

Watengenezaji wa springi wanaitumia tofauti hiyo. Springi ikiwa mpya hugandamizwa kupita kiwango chake, kwa mwelekeo ule ule wa mzigo, kisha huachiwa. Uso wa juu, ambao mzigo huuvuta, unabaki na mgandamizo, na shehena lazima kwanza iumalize mgandamizo huo.

Springi iliyolala ikipelekwa kwenye presi ikapandishwa baridi, inakunjwa kinyume cha mzigo. Inatoka imeinuka vizuri, lakini uso wa juu sasa umebaki na mvuto ndani yake, na makaa yakipakiwa yanauongeza mvuto huo. Ndiyo sababu springi ya namna hiyo hulala tena mapema. Njia sahihi ni kuipasha mpaka iwe nyekundu, kuipa umbo, kuizamisha kwenye mafuta, kuipasha tena kwa joto la wastani, halafu kuigandamiza kwa mwelekeo wa mzigo. Kuipasha moto kwa gesi sehemu moja tu hakufai: mkazo unalegea pale, na ugumu wa chuma unapotea papo hapo.

Ikiwa springi imeshapandishwa baridi na bado iko barabarani, osha tope na ukague uso wa juu wa kila bapa, hasa kuzunguka tundu la bolti ya katikati na pembeni mwa yu-bolti. Mpasuko wa uchovu huanzia huko, na mstari mwembamba wa kutu unaokatiza upana wa bapa unatosha kulisimamisha lori.