Jibu Lile Lilitokana na Maelekezo Gani?

Mteja wa maji anaandika kwenye simu yake: “Bili yangu ya mwezi huu ni shilingi ngapi?” Programu ya akili mnemba inamjibu: “Tafadhali wasiliana na ofisi.” Mwaka mmoja baadaye mkaguzi anayasoma mazungumzo hayo na kuandika pembeni kwamba programu imeshindwa kazi. Kumbe haikushindwa, iliamriwa.

Mfano huu nimeutunga, lakini aina hii ya utata ni ya kweli. Kabla swali la mteja halijafika kwenye programu, huunganishwa na maelekezo ambayo yeye hayaoni, yaliyoachiwa nafasi za kujazwa jina, tarehe na swali lenyewe. Hicho ndicho kiolezo. Kiolezo cha wakati ule kilikataza kutaja kiasi cha pesa. Cha sasa kinaruhusu. Kwenye hifadhi limebaki swali na jibu tu, kwa hiyo mkaguzi anampima mtumishi wa jana kwa amri za leo.

Dawa yake ni kuambatanisha na kila jibu maelezo mafupi kama haya:

```json
{
  "kiolezo": "bili-maji",
  "toleo": 7,
  "sha256": "9c41e0...",
  "lugha": "sw"
}
```

Nasema kila jibu, si kila mazungumzo, kwa sababu mteja anaweza kuanza asubuhi chini ya toleo la 7 na kurudi jioni akakuta la 8. Jina la modeli iliyojibu nalo liandikwe, maana maelekezo yaleyale hupata majibu tofauti kwa modeli tofauti.

Namba ya toleo peke yake haitoshi. Siku moja fundi mwenye haraka ataongeza neno “usi-” mahali fulani, asibadilishe namba, na toleo la 7 litakuwa na sura mbili. Ndipo ile `sha256` inapofaa: ni alama inayokokotolewa kutokana na maandishi ya kiolezo kabla hakijajazwa, na ikibadilika herufi moja tu, alama yote hubadilika. Ukikuta toleo moja lina alama mbili, ujue kuna mtu aliyegusa kimyakimya. Na maandishi ya kila toleo yatunzwe muda wote ambao mazungumzo yake yanatunzwa. Namba ya kiolezo kilichofutwa haimsaidii mtu.

Yale mazungumzo ya zamani yasiyo na alama yoyote ndiyo yanayosumbua zaidi. Kishawishi ni kukisia toleo kwa kutazama tarehe. Lakini kiolezo kipya mara nyingi huingizwa kidogokidogo, seva moja baada ya nyingine, hivyo saa ileile wateja wawili huweza kuhudumiwa na matoleo mawili. Mazungumzo ya siku zilizo mbali na mabadiliko yanaweza kupewa toleo, mradi iandikwe kwamba limekisiwa. Ya siku yenyewe ya mabadiliko yaandikwe “haijulikani”, na mkaguzi asiyahesabu katika alama zake.